Kuweka Mvi Kwenye Picha Zikae Kama Zimeota

Ukichukua picha ya mtu mwenye nywele nyeusi ukaiondolea rangi yote kwenye kompyuta, nywele hubaki nyeusi vilevile. Wanaoanza kuediti picha hukwama hapo. Wakishaona kuondoa rangi hakujasaidia, huchukua brashi ya kijivu na kupaka kichwa kizima, au hutafuta nywele nyeupe za mtu mwingine mtandaoni na kuzibandika. Matokeo tunayajua: mtu anaonekana amevishwa kofia, au amemwagiwa unga.

Siku hizi wanaotaka picha za namna hii ni wengi kuliko zamani, nao ni wa aina mbili. Wapo wanaotaka kujiona watakavyokuwa uzeeni, na wapo wanaotaka kujua kama rangi ya fedha itawakaa kabla hawajamkabidhi msusi kichwa. Kati yao kuna kundi moja ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kazi yao inaweza kufanywa kwa ukweli badala ya kubahatisha. Ni watu ambao mvi tayari wanazo, lakini miaka yote wamezifunika kwa piko. Nitaeleza kazi ya mmoja wao, mama mwalimu wa miaka hamsini na kitu, mwenye nywele fupi za kipilipili zisizotiwa dawa, aliyetaka kuacha piko kabla ya harusi ya binti yake. “Nionyeshe nitakavyokuwa, mwanangu,” alisema, “lakini usinipendelee.”

Kabla ya kugusa kompyuta inafaa kujua mvi ni kitu gani. Kila unywele hupata rangi yake ndani ya ngozi, kwenye kishimo unakoota. Humo mna seli zinazotengeneza melanini, ile rangi iliyomo pia kwenye ngozi na macho. Seli hizo zikichoka au zikiisha, unywele unaofuata kwenye kishimo kile huota bila rangi. Uliokwisha kutoka nje haubadiliki tena, kwa hiyo mvi huanzia kwenye shina na kusogea nje kadiri nywele zinavyokua, kama sentimita 1 kwa mwezi. Tena, nywele za kijivu hasa ni chache mno. Tunachokiona kwa mbali kama kijivu ni nyeupe na nyeusi zilizochanganyika, na kadiri nyeupe zinavyoongezeka ndivyo kichwa kinavyong’aa.

Hili ndilo kosa kubwa la picha nyingi. Fundi akipaka kijivu cha nusu kwa nusu kichwa kizima, anaweka rangi ambayo haipo kwenye unywele hata mmoja, na jicho la mtazamaji hulikataa jambo hilo hata kama hawezi kusema kwa nini. Mchanganyiko wa nyeupe na nyeusi una chembechembe. Kijivu cha brashi ni laini na tulivu, nacho huonekana kama vumbi.

Jambo la pili ni mahali. Kwa wanaume wengi mvi huanza kwenye mapanja na kushuka kwenye sharafa, kisha hupanda utosini, na kisogo hufuata mwisho. Kwa wanawake mara nyingi huanza mbele, pale nywele zinapopakana na paji la uso. Ndevu za kidevuni zinaweza kuwahi kabla ya kichwa, ila nyusi huchelewa. Umri wa kuanza nao hutofautiana: kwa Waafrika ni kawaida mvi kuanza katikati ya miaka ya arobaini, wakati Wazungu wengi huanza katikati ya miaka ya thelathini. Anayetaka mfano wa hatua kwa hatua kwenye nywele fupi za asili ya Kiafrika atazame picha za Barack Obama alipoapishwa Januari 2009 akiwa na miaka 47, halafu zile za Januari 2017 alipoondoka madarakani akiwa na miaka 55. Zimepigwa nyingi, karibu, kwa mwanga mzuri, na kila mwaka unaona weupe umefika wapi na nyusi zimebaki vipi.

Kwa mwalimu wetu hatukuhitaji kukisia kutoka kwa mtu mwingine. Nilimwomba akae wiki tatu bila piko. Kwa muda huo nywele huwa zimekua kama milimita 7, na kwa kichwa cha kipilipili hiyo huonekana kama milimita chache tu kwa sababu nywele hujikunja, lakini zinatosha. Tukagawa nywele kwa kitana sehemu tano, yaani mbele, panja la kulia, la kushoto, utosini na kisogoni, na kupiga picha ya karibu ya mashina kila sehemu. Hapo ramani ikajitokeza. Mbele, kwenye upana wa vidole viwili hivi kutoka paji la uso, karibu mashina yote yalikuwa meupe. Kwenye mapanja nyeupe zilikuwa nyingi, ila upande wa kushoto kuliko wa kulia. Utosini zilikuwa chache, zimetawanyika, na kisogo kilikuwa cheusi karibu chote. Tofauti ile ya kushoto na kulia ni kitu ambacho fundi anayebahatisha hawezi kukibuni, kwani mkono wake wenyewe hupenda pande mbili zilingane.

Baada ya ramani ikaja picha ya kufanyia kazi, na hapa ndipo nusu ya mafanikio ilipo. Simu nyingi zina kiungo cha kulainisha uso ambacho hulainisha na nywele pia. Kikiwa kimewashwa, kipilipili hugeuka doa moja jeusi lisilo na chochote ndani, na doa jeusi ukiling’arisha unapata doa la kijivu. Kizime. Halafu mkalishe mtu kando ya dirisha ili mwanga umpige kwa ubavu, maana mwanga wa ubavu huonyesha kila kikunjo cha nywele. Ule wa kamera kutoka mbele huzilaza zote bapa. Na ahakikishe amevaa kitu cheupe karibu na uso. Mwalimu alivaa blauzi yenye kola nyeupe, na ile kola ikawa kipimo changu cha kila kitu.

Kwa nini kola? Kwa sababu mvi ni kitu cheupe kilichokaa kwenye mwanga uleule. Zikiwa kwenye mwanga sawa na kola, haziwezi kuwa nyeupe kuizidi, isipokuwa pale unywele mmojammoja unapometa. Tena rangi ya mwanga ikiipaka kola, huzipaka na mvi. Mwalimu alikaa kwenye chumba chenye kuta za rangi ya malai, jua la alasiri. Machoni kola ilionekana nyeupe, lakini nilipoigusa kwa kipimia rangi cha programu nilisoma 220 nyekundu, 208 kijani na 188 buluu, kwenye kipimo kinachoanzia 0 kwa weusi kamili hadi 255 kwa weupe kamili. Maana yake chumba kile kilitia umanjano kidogo kwa kila kitu. Kijivu safi chenye namba tatu zinazolingana kingeonekana cha buluu mle ndani, na hapo ndipo watu husema nywele zimetoka kwenye picha nyingine.

Nilitumia GIMP, programu ya bure inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, toleo la 2.10. Wenye Photoshop watapata zana zilezile, hata kama mahali zinapokaa ni tofauti. Kwanza unarudufu picha kwa `Layer > Duplicate Layer`, ili uwe na leya mbili, ya asili chini na nakala juu. Kwenye nakala unaondoa rangi kwa `Colors > Desaturate > Desaturate`, ukichagua `Luminance`. Nywele bado ni nyeusi, kama nilivyosema mwanzo, kwa kuwa tatizo lao halikuwa rangi. Lilikuwa uhaba wa mwanga. Nilipozipima, sehemu za kivulini zilisoma 18, za kawaida 45, na vikunjo vilivyometa 95.

Kazi yenyewe basi ni kuunyanyua mwanga huo bila kuuvuruga mpangilio wake, na chombo chake ni `Colors > Curves`. Pale unapewa mstari unaoweza kuuvuta kwa nukta. Nukta ya 18 niliiacha karibu ilipo, ikawa 22, maana kati ya mvi na mvi lazima kubaki giza. Ya 45 niliipandisha hadi 115, ya 95 hadi 185, na mwisho kabisa wa mstari, ile 255, niliushusha hadi 205 ili chochote kitakachopakwa kisiizidi kola. Picha nzima sasa inatisha, uso umekuwa kama wa sanamu ya chokaa, lakini usijali uso. Tazama nywele tu: kila kikunjo kimebaki mahali pake, mwanga umetoka upande uleule, vivuli viko kisogoni kama awali. Hizi ni nywele zake mwenyewe zikiwa nyeupe, na ndiyo sababu njia hii huishinda ile ya kubandika.

Kuna gharama yake. Kati ya 18 na 45 mstari umepanda kwa mwinuko wa zaidi ya mara tatu, kwa hiyo kila uchafu uliokuwa umejificha kwenye weusi nao umekuzwa zaidi ya mara tatu. Kwenye picha iliyopigwa usiku, au iliyotumwa WhatsApp ikabanwa, utaona vijimraba vidogo vimejipanga ndani ya nywele. Ukiviona, usipoteze muda kuvifuta. Omba picha asili kutoka kwenye simu iliyopiga, au piga upya.

Sasa nakala ile nyeupe inafichwa yote, kisha inafunuliwa pale tu panapohitajika. Kwenye `Layer > Mask > Add Layer Mask` unachagua `Black (full transparency)`. Hiyo ndiyo maski: ukipaka nyeupe juu yake, leya ya juu inaonekana, ukipaka nyeusi, inatoweka. Hakuna kinachoharibika, na unaweza kurudi nyuma wakati wowote. Kwa kufuata ramani ya mashina nilipaka kwa brashi laini na pana, nguvu yake ikiwa kama asilimia 80 mbele, 60 panja la kushoto, 45 la kulia, 15 utosini. Kisogo sikukigusa.

Matokeo ya hatua hii ni mazuri kwa mbali na mabaya kwa karibu, kwa sababu bado ni wingu laini, na nimeshasema mvi si wingu. Dawa yake iko kwenye maski, siyo kwenye picha. Ukiwa umeichagua maski, nenda `Filters > Noise > Spread` na uweke pikseli 3 au 4. Chombo hiki huzihamisha chembe za maski ovyo kwa umbali mdogo, kwa hiyo kingo za wingu zinavunjika. Halafu chukua brashi ndogo, paka nyeusi kwa vidoto ndani ya sehemu nyeupe na nyeupe kwa vidoto ndani ya sehemu nyeusi, bila mpangilio, hasa kwenye mpaka wa mapanja na utosi. Kwa nywele za kipilipili usichore mistari mirefu. Fuata vikunjo vilivyopo, kila kimoja chukua kidogo tu.

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Kwenye picha yangu kichwa cha upana wa sentimita 15 kilichukua pikseli 1000, kwa hiyo pikseli moja ilikuwa sawa na milimita 0.15. Unywele wa mtu kwa kawaida hauzidi milimita 0.1. Unywele wa kweli basi ulikuwa mwembamba kuliko pikseli moja. Anayechora mvi ya pembeni kwa brashi ya pikseli 5 anachora waya wa robo tatu ya milimita, na macho yanajua kichwani hakuoti waya. Zile chache zinazochomoza peke yake nilizichora kwa pikseli 1, nguvu nusu, nikiziacha zififie kwenye ncha.

Sehemu inayomfichua fundi haraka kuliko zote ni ukingo wa kichwa. Pale nywele zinapokutana na ukuta wa nyuma, kila pikseli ina nywele kidogo na ukuta kidogo. Ukiziacha, kichwa cheupe kinapata mstari mweusi kukizunguka kama kimechorwa kwa wino. Ukizipaka kwa nguvu, ukuta nao unang’aa na kichwa kinapata mwanga wa kitakatifu. Nilipita ukingoni na brashi ndogo kwa nguvu ya asilimia 30, nikiruka ruka, hadi mstari mweusi ukakatika vipande. Vipande vyenyewe niliviacha, kwa kuwa kichwa chenye mvi za mbele na za mapanja bado kina nywele nyeusi pembeni.

Kwenye paji la uso ni vilevile. Nywele hazianzi kwa ukuta. Huanza kwa malaika, vile vinyweleo vifupi na vyembamba, ambavyo ngozi huonekana katikati yake. Rangi ikianza ghafla pale, umeshatengeneza wigi. Nilifuta maski kidogo kwenye ule upana wa milimita chache za mwanzo, ili weupe uanze polepole na ngozi ya mwalimu ipite.

Kisha rangi. Leya nyeupe bado ilikuwa kijivu safi, kila namba sawa. Kwa `Colors > Color Balance`, nikiwa nimechagua leya yenyewe na siyo maski, niliisogeza kuelekea nyekundu na manjano, huku nikipima, mpaka sehemu ya kati iliposoma karibu na 170, 161 na 145, uwiano uleule wa kola. Hakuna aliyeambiwa angeona umanjano huo. Lakini nilipouzima kwa muda na kuuwasha tena, mwalimu mwenyewe aliyekuwa amekaa pembeni alisema, “Hapo ndipo nilipo. Ile nyingine nilikuwa dirishani kwa watu.”

Jambo moja lilimshtua: uso wake ulionekana mweusi zaidi, ingawa sikuugusa. Ni kweli huonekana hivyo, kwa sababu jicho hupima ngozi kwa kuilinganisha na kilicho jirani, na jirani sasa ni mweupe. Mafundi wengi hukimbilia kuung’arisha uso ili kufidia. Wasifanye hivyo. Mteja akiacha piko, majirani watamwona vilevile, na picha imeombwa imwonyeshe hilo. Nyusi zake nilizitia mvi tatu nne tu. Nyusi zake karibu zote bado ni nyeusi, na uso wenye nyusi nyeupe pi chini ya utosi mweusi ni nadra.

Kama angetaka kujiona akiwa na miaka sabini, kazi ingeendelea mbele ya nywele. Kichwa cheupe juu ya uso laini wa kijana huonekana kama mchezo wa jukwaani, kwa hiyo nywele zingepunguzwa kidogo kwenye mapanja, nyusi zingeongezwa weupe, na mistari iliyokwishaanza usoni ingetiwa kivuli kidogo. Mistari isiyokuwepo haibuniwi. Hapo lakini tunakuwa tumeingia kwenye kukisia, na mteja aambiwe hivyo.

Rangi ya fedha ya saluni ni jambo jingine, na ukiitengeneza kama mvi umemdanganya mtu. Yenyewe hupatikana kwa blichi inayoondoa melanini hadi unywele ubaki wa manjano hafifu, kisha hupakwa rangi ya zambarau au buluu ya kuua umanjano huo. Kwa hiyo hulingana kichwa kizima, haina ramani, nyusi hubaki nyeusi kabisa, na ubaridi wake ni wa kutengenezwa: hata kwenye chumba cha mwalimu ingeegemea buluu kuliko kola. Kwenye picha, `Spread` na vidoto huwekwa kidogo sana, maski inajaa sawasawa, na `Color Balance` inaachwa upande wa baridi. Huyu mteja mpe picha mbili. Ya kwanza ni siku anayotoka saluni. Ya pili ni baada ya mwezi, mashina meusi yakiwa yamechomoza na ule ubaridi umeanza kufifia kuelekea manjano, kwa sababu rangi ile huoshwa na kila sabuni. Wengi huamua kwa kuitazama ya pili. Kisichoonekana kwenye picha yoyote ni jinsi kipilipili kinavyostahimili blichi. Nywele zilizojikunja hukatika kirahisi, na hilo ni la kuulizwa msusi, akijaribu kwanza kwenye nywele chache za kisogoni.

Kabla ya kumpa mwalimu picha niliigeuza kushoto kulia kwa `Image > Transform > Flip Horizontally`, maana jicho lililotazama picha kwa muda mrefu huacha kuona makosa, na likigeuziwa huyaona upya. Panja moja lilikuwa na doa lisilo na vidoto. Nikaipunguza pia hadi ukubwa wa picha ya simu, kwani kisichoonekana kwa ukubwa ule hakina haja ya kuhangaikiwa. Mwisho, kwa kuwa alitaka ichapwe kwenye karatasi ya kung’aa, nilichapa kipande kidogo kwanza. Karatasi ile ilizitoa sehemu nyeupe za mbele zikiwa zimeungua, vikunjo havionekani, basi kwenye faili la kuchapa nikashusha ile nukta ya 185 hadi 172. Aliondoka na nakala mbili, moja akasema ni ya kinyozi wake, ili ajue akate piko lililobaki hadi wapi.